Jicho moja likizima ghafla bila kuuma



Jicho likiuma, mtu hutafuta tiba siku hiyo hiyo. Likizima bila kuuma, wengi hulala kwanza.

Chukua mfano wa fundi wa vyuma wa Kariobangi, umri miaka 58, anayemeza dawa za presha siku anapokumbuka. Saa moja asubuhi anapiga mswaki, mara jicho la kulia linaingia giza. Haliumi wala si jekundu. Kwenye kioo linaonekana kama kawaida. Anadhani ni vumbi la kazi. Ananunua dawa ya matone dukani, kisha anaenda kazini, maana jicho la kushoto linaona. Mkewe anaambiwa jioni.

Kilichotokea ni hiki. Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba unaopokea mwanga, uitwao retina, na sehemu yake kubwa hutegemea mshipa mmoja mdogo wa damu. Mshipa huo umezibwa na donge la damu kutoka moyoni, au kipande cha mafuta kilichobanduka kwenye mshipa wa shingo. Retina haihisi maumivu, ndiyo maana fundi hakujua. Ikikosa damu huanza kufa, na baada ya saa nne hivi madhara mengi huwa ya kudumu. Hiki ni kiharusi, ila kimepiga jicho badala ya ubongo.

Ukweli usemwe: hata anayefika mapema huenda asione tena kwa jicho hilo. Lakini donge lingine laweza kwenda ubongoni, na hatari hiyo ni kubwa zaidi katika siku chache za kwanza. Kwa hiyo madaktari humulika ndani ya jicho, hupima presha, sukari na mapigo ya moyo, na huagiza picha ya ubongo na ya mishipa ya shingo. Duka la miwani halina vifaa hivyo.

Mtu akishuku, afunike jicho moja kwa kiganja, kisha lingine, aone lipi limezima. Aandike saa lilipozima. Apelekwe moja kwa moja hospitali yenye idara ya dharura, kama Mama Lucy Kibaki au Kenyatta, bila kuendesha gari wala pikipiki mwenyewe. Asizidishe dawa za presha nyumbani, wala asimeze aspirini kabla ya kupimwa, kwa kuwa kama kuna damu inayovuja ubongoni itaongezeka. Mwenye zaidi ya miaka 50 anayeumwa kichwa, au taya akitafuna, aseme hivyo mapema: huenda mishipa imevimba, na jicho la pili laweza kufuata kwa siku chache.

Na kama giza lilidumu dakika tano tu, kisha jicho likarudi kuona? Hospitali ni siku hiyo hiyo. Donge limepita safari hii, lakini lilikotoka hapajatibiwa.