Majina Mawili ya Waifai, Ruta Moja: Ubonyeze Lipi?

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa mbele ya makarani wa wadi na wahudumu wa madawati ya umma mjini Garissa. Nimeyaacha karibu kama yalivyosemwa, pamoja na maswali mawili ya mwisho.

Wengine mmetoka mbali na barabara zetu mnazijua, kwa hivyo sitawaweka mpaka adhuhuri iwapite.

Nianze na alasiri moja ya msimu wa basari. Karani wa ofisi moja ya wadi, ambayo sitaitaja, alinipigia simu saa tisa na nusu. Alikuwa na fomu za wanafunzi alizozipiga picha kwa skana, faili moja ya megabaiti 60, na tovuti ya kuzipokea ingefungwa saa kumi na moja. "Kaka," akaniambia, "hii kitu inafika nusu inarudi sifuri. Sasa ni mara ya tano." Mimi ni mtu wa habari, si fundi wa mitambo, lakini ofisini kwetu kila kinachong'aa huletwa kwangu. Nikamwuliza laptopu yake imeungana na jina lipi la waifai. Akasema, "Yako mawili. Nimechukua la 5G, si ndilo kubwa?"

Majina yenyewe yalikuwa haya: `OFISI-WADI` na `OFISI-WADI-5G`. Nadhani nusu ya walioko humu wangechagua kama yeye, na mimi nilifanya hivyo kwa miaka.

Tuondoe kwanza mkanganyiko mmoja. Hiyo 5G iliyo kwenye jina la waifai si ile 5G ya simu. Ile ya simu ni kizazi cha tano cha mtandao wa minara, ambao Safaricom iliuzindua kwa wateja Oktoba 2022. Hii ya ruta ni kifupi cha gigahezi 5, yaani masafa ya redio ambayo ruta hutumia kuzungumza na kifaa chako ndani ya jengo. Ruta iliyoungwa kwa faiba, au hata kwa laini ya kawaida ya 4G, inaweza kuonyesha jina lenye 5G bila kuwa na uhusiano wowote na minara ya 5G.

Ruta ya namna hii ina redio mbili ndani yake. Moja hutumia gigahezi 2.4, nyingine gigahezi 5. Aliyeiweka anaweza kuzipa redio zote jina moja na kuacha vifaa vichague vyenyewe, au akazipa kila moja jina lake. Zikiwa na majina mawili, wewe ndiwe unayechagua. Kwa kawaida jina lisilo na kiambishi ni la 2.4, na lenye `-5G` au `_5G` ni la 5. Intaneti iliyo nyuma yake ni moja. Ofisi ikiwa imelipia megabiti 10 kwa sekunde, hutapata 20 kwa kubonyeza jina la 5G.

Kinachotofautiana ni njia kati yako na ruta. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12 hivi, la gigahezi 5 ni kama nusu yake. Wimbi fupi hubeba data nyingi zaidi likiwa karibu, lakini huchoka haraka na ukuta wa tofali za saruji hulipunguza sana. Wimbi refu hubeba kidogo, ila hufika mbali na hupenya ukuta vizuri zaidi. Mabati hayana huruma kwa yoyote kati yao. Tangi la maji likisimama katikati nalo hunyonya mawimbi yote mawili.

Sasa turudi kwa karani wetu. Ruta ilikuwa chumbani kwa msimamizi wa wadi. Yeye alikuwa ameketi katika chumba cha mwisho wa ua, mita kumi na mbili hivi, kuta mbili za tofali katikati, na upande mmoja wa chumba chake ulikuwa wa mabati. Alama za waifai kwenye skrini zilikuwa mbili. Kurasa zilikuwa zinafunguka, polepole lakini zinafunguka, na ndiyo maana hakuishuku waifai. Alidhani tovuti ndiyo mbovu.

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na naomba mnisikilize kwa makini. Zile alama kwenye skrini zinakuonyesha jinsi unavyoisikia ruta. Hazikuonyeshi jinsi ruta inavyokusikia wewe. Ruta ina antena kubwa na umeme wa ukutani. Simu au laptopu yako mara nyingi hutuma kwa nguvu ndogo zaidi. Kwa hivyo ukiwa pembezoni, unaweza kupokea ukurasa bila shida, lakini unapotuma faili kubwa, sauti yako haifiki sawasawa. Vipande vya data hupotea, hutumwa tena, hupotea tena, mwisho muungano hukatika. Tovuti ambayo haikumbuki ulipofika hukuanzisha upya. Ukiona kusoma kunaenda lakini kutuma kunakwama katikati, shuku masafa kabla ya kuilaumu tovuti.

Nikamwambia abonyeze alama ya waifai, aachane na `OFISI-WADI-5G`, achague `OFISI-WADI` na kuandika nenosiri lake. La kwanza likakataa, kwa sababu fundi alikuwa ameweka manenosiri mawili tofauti. Hilo hutokea, na kompyuta huyahifadhi kwa kila jina kivyake. Kulijua moja si kulijua la pili. Akaenda kuuliza kwa msimamizi, akarudi, akaingia. Alama zikawa nne. Kwa hesabu, megabaiti 60 ni megabiti 480, na kutuma kwa megabiti 4 kwa sekunde bila kukatika ni dakika 2. Ya kwake ilichukua kama dakika tano. Saa kumi na dakika kumi na mbili alinitumia picha ya skrini yenye alama ya kijani. Zile zilikuwa fomu za wadi nzima.

Hadithi haikuishia hapo, maana asubuhi iliyofuata alinipigia tena: laptopu imerudi yenyewe kwenye 5G. Ilikuwa inakumbuka majina yote mawili, ikachagua lile. Dawa yake ni kuiambia hiyo laptopu isijiunge yenyewe na jina la 5G. Kwenye Windows unaondoa alama ya `Connect automatically` kwa jina hilo, au unalifuta kabisa kwa `Forget`. Simu za Android nazo zina `Forget` ukibonyeza jina la mtandao. Fanya hivyo kwenye kifaa kinachokaa mbali tu. Mwenzako aliye karibu na ruta aache la kwake lilivyo.

Na kweli msimamizi mwenyewe alikuwa na tatizo la kinyume. Ameketi mita mbili kutoka kwa ruta, hakuna ukuta, na mikutano yake ya video ilikuwa inagandaganda. Yeye alikuwa kwenye 2.4. Masafa hayo yana chaneli tatu tu ambazo haziingiliani: 1, 6 na 11. Jirani ana duka la M-Pesa lenye waifai, kando kuna hoteli yenye waifai na oveni ya maikrowevu, na yeye mwenyewe alikuwa amevaa spika za masikio za `Bluetooth`. Vyote hivyo vimejaa mahali pamoja. Alihamia 5, ambayo ina chaneli nyingi zaidi na ambayo mawimbi ya jirani huchoka kabla ya kuvuka ukuta wake, na mkutano ukatulia. Ofisi moja, ruta moja, majibu mawili.

Kwa hivyo ukifika mahali papya, kaa kwanza pale utakapofanyia kazi, ndipo ujaribu. Ingia jina la 5, tuma kitu cha uzito, tazama. Ingia la 2.4, tuma kilekile. Usihukumu kwa idadi ya alama peke yake, kwa sababu alama tatu za 5 katika chumba kimoja na ruta mara nyingi hushinda alama zote za 2.4 mjini katikati. Na ukisogea mpaka karibu na ruta, ukakuta majina yote mawili ni mazito sawasawa, basi tatizo si jina. Ni laini inayoingia kwenye ruta au kifurushi kimekwisha, na hapo mpigie anayewauzia intaneti.

Kuna mahali fundi amebuni majina yasiyo na 5G wala 2.4. Simu nyingi za Android hukuonyesha masafa ukifungua maelezo ya mtandao uliojiunga nao. Kwenye laptopu ya Windows, fungua kisanduku cha amri na uandike:

```
netsh wlan show interfaces
```

Tafuta mstari wa `Channel`. Katika ruta za kawaida za ofisi zetu, nambari kati ya 1 na 13 ni 2.4, nambari kuanzia 36 ni 5.

Mama mmoja wa dawati la mbele aliuliza: laptopu ikiwa 5 na printa ikiwa 2.4, zitaonana? Ndiyo, mama. Kwa kawaida majina yote mawili ya ruta moja huingia kwenye mtandao mmoja wa ndani, kwa hivyo unaweza kuchapisha ukiwa upande wowote. Zisipoonana, angalia kama mmoja wenu ameingia jina la wageni, kwa sababu hilo huzuiwa makusudi lisiguse vifaa vya ofisi. Na printa nyingi za bei nafuu, pamoja na kamera nyingi za usalama, zina redio ya 2.4 peke yake. Hazilioni kabisa jina la 5. Kamera za namna hiyo zikiwa zinaungwa kwa mara ya kwanza kupitia simu, hamisha simu nayo iwe kwenye 2.4 mpaka umalize, la sivyo zinaweza kukataa.

Mzee mmoja wa kamati ya basari akainua simu yake: "Kijana, yangu hainionyeshi hilo la 5G hata nikisimama juu ya ruta. Ninunue nyingine?" Nikamwuliza huitumia kwa nini. Akasema WhatsApp na kusoma barua za kamati. Nikamwambia simu yake haina redio ya gigahezi 5, haijaharibika, na kwa kazi hizo 2.4 inamtosha, hasa kwa vile kiti chake kiko nyuma ya kuta mbili.