Makato Madogo Yanayonenepesha Mkopo

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wanakisomo)



Mtu akienda benki kukopa, jambo la kwanza analouliza ni riba. Hilo ni swali zuri, lakini halitoshi. Mkopo mara nyingi hupitia kwenye akaunti, na akaunti nayo ina gharama zake. Kuna ada ya kila mwezi, ambayo wengine huiita ada ya leja. Leja ni kile kitabu cha hesabu ambacho zamani karani aliandika fedha zako zinazoingia na kutoka. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na kompyuta, lakini ada imebaki. Tena kuna malipo ya ujumbe wa simu. Ule ujumbe unaokwambia "umekatwa kiasi fulani" nao mara nyingi unakatiwa fedha!

Sasa chukueni kalamu tupige hesabu pamoja. Mfano huu nimeutunga, na ada hutofautiana kati ya benki na benki.

Mama mmoja amekopa shilingi 400,000 za kununua mbegu na mbolea. Atalipa kwa miezi 10. Kila mwezi anarudisha shilingi 40,000 za mkopo wenyewe, pamoja na riba ya asilimia 2 ya deni lililobaki. Mwezi wa kwanza riba ni shilingi 8,000. Mwezi wa pili ni 7,200, kwa kuwa deni limepungua. Inashuka hivyo hivyo hadi mwezi wa kumi, ambapo riba ni shilingi 800 tu. Jumla ya riba yote ni shilingi 44,000.

Ada ya akaunti ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Anapata ujumbe minne kwa mwezi, kila mmoja shilingi 100, yaani 400. Jumla 2,400. Hapa Tanzania ada za benki hutozwa pia kodi ya ongezeko la thamani; katika mfano wetu tuichukue kuwa asilimia 18. Kwa hiyo kila mwezi zinaondoka shilingi 2,832. Kwa miezi 10 ni shilingi 28,320.

Jumlisha na riba: shilingi 72,320. Mama alidhani mkopo utamgharimu 44,000. Ni kama vile amekopa kwa riba ya zaidi ya asilimia 3 kwa mwezi, wala si 2.

Tazameni mwezi ule wa kumi. Riba ni 800, lakini ada bado ni 2,832. Riba inapungua deni linapopungua, ada haipungui. Ndiyo sababu ada humwumiza zaidi mkopaji mdogo. Jirani aliyekopa shilingi 4,000,000 benki hiyo hiyo, kwa miezi hiyo hiyo, atakatwa ada ile ile ya 28,320. Kwa kila shilingi 1,000 alizokopa, yeye analipa ada ya shilingi 7 hivi. Mama analipa shilingi 71. Mimi sioni haki hapo, lakini ndivyo hesabu inavyokwenda.

Kuna hatari nyingine. Rejesho la mwezi wa kwanza ni shilingi 48,000. Mama anaweka kwenye akaunti 48,000 kamili, anarudi nyumbani ametulia. Tarehe 30 ada inakatwa. Kesho yake, siku ya rejesho, akaunti ina 45,168 tu. Fedha hazitoshi, na mama anaandikwa kuwa amechelewa. Ikiwa mkataba una faini ya kuchelewa, atatozwa, naye anaapa kwamba alilipa zote! Kumbe ameweka fedha za rejesho, hakuweka za ada. Mfano wetu ungemtaka aweke shilingi 50,832.

Dalili yake utaiona kwenye taarifa ya akaunti. Iombe, kisha pita na kidole safu ya makato, mstari kwa mstari. Kila mstari ambao si rejesho, uliza ni wa nini.

Kabla ya kutia sahihi, mwulize afisa mikopo hivi: "Mpaka deni liishe, nitakuwa nimetoa shilingi ngapi kwa jumla, pamoja na makato ya akaunti?" Mwambie aandike kwenye karatasi. Usione haya. Kanuni za Benki Kuu ya Tanzania za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha zinataka mteja aelezwe gharama waziwazi. Uliza pia kama ipo akaunti isiyo na ada ya mwezi, na kama ujumbe waweza kusimamishwa. Ukiusimamisha, basi uwe unaisoma taarifa.

Na deni likiisha, kama huna haja tena na akaunti ile, iandikie benki barua uifunge. Kwanza uliza kufunga ni bei gani. Ukiiacha tu, ada yaweza kuendelea kukatwa kila mwezi, na shilingi chache utakazoweka humo baadaye zitaanza kwa kulipa makato ya nyuma.