PUMZI YA MZAZI
(Hotuba ya mkunga mmoja, iliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi)



Sikuja kuzungumza juu ya mishahara. Nimekuja kuwaeleza ugonjwa mmoja wa moyo ambao humpata mwanamke katika mwezi wa mwisho wa mimba, au katika miezi mitano ya kwanza baada ya kujifungua. Madaktari huuita kadiomiopathi ya uzazi. Maana yake ni kwamba moyo uliokuwa mzima umelegea, umetanuka, na hauna nguvu ya kusukuma damu. Damu ikikawia njiani, maji hujaa katika mapafu na miguuni, na mama hukosa pumzi.

Nitawaeleza habari za mama mmoja mchuma chai. Jina lake silitaji. Alikuwa na umri wa miaka 34, na alikuwa amejifungua mtoto wa tatu salama. Wiki ya tatu akaanza kukohoa usiku. Akaenda dispensari, akapewa dawa ya kifua. Wiki ya tano akarudi na kikohozi kile kile, akapewa dawa nyingine ya kifua. Nyumbani mama mkwe wake alisema ni uchovu wa kunyonyesha. Likizo yake ya miezi mitatu ikaisha, akarudi shambani. Kilima alichokuwa akikipanda na kikapu kimejaa, sasa alikipanda mitupu na kupumzika mara nne. Msimamizi akamwandika kuwa mvivu.

Alipofika kwangu kumleta mtoto chanjo, nilimwuliza swali moja tu: “Mama, usiku unalala vipi?”

Akanijibu, “Silali, dada. Nikilala chali nazama kama mtu aliye majini. Nakaa kitandani nimeegemea ukuta mpaka kuche.”

Ndugu zangu, jibu hilo ndilo nataka mlichukue mwende nalo nyumbani. Kila mwanamke mwenye mimba kubwa huhema akipanda mlima, na miguu yake huweza kuvimba jioni. Lakini akipumzika pumzi hurudi, na usiku hulala. Tena akishajifungua, mambo hayo hupungua siku kwa siku. Mwenye ugonjwa huu ni kinyume chake. Hawezi kulala chali, huongeza mto wa pili na wa tatu, huamka usiku wa manane akitafuta hewa dirishani, na hukohoa akilala. Miguu huzidi kuvimba wakati ingepaswa kupungua, na moyo hupiga mbio hata ameketi. Pumzi inayopungua baada ya kuzaa, badala ya kuongezeka, haifai kuitwa uchovu. Na ikikatika ghafula pamoja na maumivu ya kifua, pengine ni damu iliyoganda mapafuni. Hapo msingoje hata asubuhi.

Kinachowapoteza wengi ni kwamba dalili hizi hufanana na za nimonia na za upungufu wa damu. Kwa hiyo mama akipewa dawa ya kifua asipone, mwambieni mganga wazi: “Nimejifungua wiki fulani, na siwezi kulala chali.” Maneno hayo mawili yakiwekwa pamoja humfanya mganga afikirie moyo.

Mama yule tulimpeleka hospitali kubwa akapimwa eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Haiumi, wala haina mionzi. Moyo mzima, kila unapopiga, hutoa sehemu 55 au zaidi katika kila 100 za damu iliyomo. Wake ulitoa 25. Akalazwa, akapewa dawa ya kutoa maji kwa mkojo, na dawa nyingine za kuupunguzia moyo mzigo. Usiku wa tatu alilala.

Sasa sikilizeni sehemu ya pili, maana hapa ndipo maisha hupotea mara ya pili. Mama akipata nafuu hudhani amepona, akaacha dawa. Nafuu ni ya mapafu. Moyo wenyewe huchukua miezi sita, hata mwaka na zaidi. Wengi hurudi kuwa wazima kabisa. Wengine hubaki na moyo dhaifu, na kwa macho huwezi kuwatenga. Ni eko tu itakayosema. Mama yetu alipimwa baada ya miezi sita ikaonyesha 40, na baada ya mwaka 45. Alikuwa akitembea, akipika, akicheka. Lakini hakufika 50.

Siku hiyo alikuja na bwana yake, kwa sababu tulimwomba aje. Yule bwana akasema, “Nina wasichana watatu. Nataka mvulana mmoja tu, kisha basi.” Hatukumkemea. Tulimweleza hesabu iliyochapishwa na madaktari wa Amerika mwaka 2001, waliofuata wanawake 44 waliowahi kuugua hivi wakapata mimba tena. Wanawake 28 walikuwa na moyo uliorudia hali yake: 6 kati yao moyo ulishindwa tena, na hakuna aliyekufa. Wengine 16 moyo wao ulikuwa haujarudi sawasawa: 7 ulishindwa tena, na 3 wakafa. Mke wake alikuwa katika kundi hili la pili.

Bwana yule alinyamaza muda mrefu. Kisha akamwuliza mkewe, “Wewe wasemaje?” Mama akasema, “Nataka kuwalea hawa watatu.” Wakakubaliana.

Basi shauri tunalotoa ni hili. Ikiwa moyo haujarudi, mama asibebe mimba nyingine. Ikiwa umerudi, hatari imepungua lakini haijaisha. Asishike mimba kabla ya kuonana na daktari, maana baadhi ya dawa za moyo humdhuru mtoto tumboni na lazima zibadilishwe mapema, na eko ipimwe mara kwa mara mpaka baada ya kuzaa. Tena shauri hili lianze kabla mama hajatoka hospitali, kwa kuwa mimba huweza kuingia hata kabla hedhi haijarudi, na kunyonyesha peke yake si kinga ya kutegemea.

Juu ya kuzuia mimba, vidonge vyenye estrojeni havimfai, kwa kuwa huongeza hatari ya damu kuganda, na moyo uliolegea tayari huelekea kugandisha damu. Kitanzi cha shaba au kijiti cha mkononi ni bora. Na baba akiridhika kwamba watoto wametosha, yeye mwenyewe aweza kufungwa mirija. Upasuaji wake ni mdogo, na moyo wake ni mzima. Naona wengine mnacheka, lakini yule bwana ndivyo alivyofanya.

Na kama mwanamke wa namna hii amekwisha kushika mimba, asijifiche kwa hofu ya kugombezwa. Aje wiki hiyo hiyo na kadi zake zote.

La mwisho ni lenu, wajumbe wa vyumba vya kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mzazi likizo ya miezi mitatu yenye mshahara kamili. Ugonjwa huu huweza kuanza mwezi wa nne. Mkimwona mama aliyerudi kazini anasimama njiani kutafuta pumzi, kabla jina lake halijaandikwa kuwa mvivu, mwulizeni jana usiku alilala vipi.