Picha ya Nyama: Imeiva au Bado?

Leo tunazungumza kuhusu jambo ambalo limeingia katika nyumba nyingi tangu simu zenye kamera zilipoenea. Uko kazini au sokoni. Nyumbani amebaki mtu anayepika. Simu inalia, unaifungua, na unaona picha ya nyama ya ng'ombe iliyokatwa, pamoja na swali fupi: "Imeiva?" Utajibu nini? Na utajuaje, kwa kuangalia picha tu, kwamba mtoto anaweza kuila?

Hebu tuchukue mfano wa mama mmoja. Yeye anafanya kazi mjini. Siku ya Jumapili alikuwa zamu, na mdogo wake akabaki nyumbani na mtoto wa miaka mitatu na nyanya mzee. Mdogo wake alitoa kwenye friza kipande cha nyama ya paja kisicho na mfupa, kilo moja na nusu. Alikiacha mezani saa mbili hivi, akakipaka chumvi na vitunguu saumu, kisha akakitia katika oveni. Baada ya saa moja na robo nyama ilikuwa imepiga rangi nzuri kwa nje na harufu imejaa nyumba. Akakata kipande pembeni, akapiga picha, akaituma: "Dada, imeiva? Nimpe mtoto?"

Katika picha ile nyama ilikuwa ya kahawia. Hakukuonekana wekundu. Wengi wetu tungejibu, "Mpe." Mama huyu hakujibu hivyo, na alifanya vyema. Ili uelewe kwa nini, kwanza tuseme rangi ya nyama inatoka wapi.

Wekundu wa nyama si damu. Damu karibu yote hutoka ng'ombe anapochinjwa. Wekundu huo ni wa protini iliyo ndani ya misuli, inayoitwa mayoglobini. Nyama ikipata moto, protini hii hubadilika. Nyama ikiwa imefikia nyuzi 50 na kidogo ndani yake, bado ni nyekundu na inang'aa kwa unyevu kama nyama mbichi. Ikifika kati ya nyuzi 60 na 65, huwa ya rangi ya waridi. Ikipita nyuzi 70, kwa kawaida huwa kahawia au kijivu. Majimaji yanayotoka hufuata njia hiyo hiyo, kwa sababu yana protini ile ile. Kwanza ni mekundu, halafu ya waridi, halafu meupe au yenye rangi kidogo ya kahawia.

Ukisikia hivyo unaweza kusema, basi kazi ni rahisi, nitaangalia rangi tu. La, mama. Neno "kwa kawaida" ndilo la kuangalia. Kuna nyama inayogeuka kahawia mapema, kabla ya moto kutosha. Hii hutokea zaidi kwa nyama ya kusaga na nyama iliyokaa siku nyingi kwenye friji au friza, kwa sababu hewa imeshaanza kuibadilisha ile protini kabla ya kupikwa. Nyama ya kusaga inaweza kuonekana imeiva kabisa ilhali ndani haijafika hata nyuzi 60. Kuna pia nyama inayobaki na waridi hata baada ya kuiva, kwa mfano iliyochomwa juu ya makaa yenye moshi, ambayo hupata ukingo wa waridi karibu na ngozi yake ya nje.

Kwa hiyo shika jambo hili moja: picha inaweza kukuambia usile, lakini haiwezi kukuambia ule. Ukiona wekundu uliolowa katikati, jibu ni kwamba nyama bado. Ukiona kahawia, bado hujapata jibu.

Sasa turudi kwa yule mama. Swali lake la kwanza halikuhusu rangi. Aliuliza, "Umekata wapi?" Mdogo wake akajibu, "Hapa mwisho, dada, palipo pembamba." Hilo ndilo kosa la kwanza. Sehemu nyembamba huiva mapema kuliko zote. Picha ya pembeni haisemi lolote kuhusu katikati. Mwambie anayepika akate pale penye unene mkubwa kabisa, kisu kifike hadi katikati. Hata steki hukatwa katikati yake, si ukingoni.

La pili, mama aliangalia mwanga. Picha ilipigwa chini ya balbu ya manjano. Mwanga wa manjano huifanya nyama ya waridi ionekane kahawia. Simu nayo hujirekebishia rangi yenyewe bila kukuuliza, na ikiona kitambaa chekundu cha meza au sahani ya plastiki ya rangi kali, inaweza kukosea zaidi. Mwanga wa kamera wenyewe humulika majimaji yaliyo juu ya nyama, yakaonekana kama doa jeupe na kuficha rangi ya chini.

Dawa yake ni rahisi. Weka nyama juu ya sahani nyeupe, karibu na dirisha, mchana, bila kuwasha mwanga wa kamera. Sahani hiyo ndiyo shahidi wako. Ukiipokea picha, tazama sahani kwanza kabla ya nyama. Kama sahani imeonekana ya manjano au ya samawati, basi na rangi ya nyama imepotoka vivyo hivyo, na picha hiyo usiiamini. Kama sahani ni nyeupe, endelea kutazama.

La tatu ni majimaji. Katika picha ya kwanza nyama ilikuwa ndani ya trei nyeusi ya oveni, na majimaji hayakuonekana. Juu ya sahani nyeupe yanaonekana vizuri. Lakini angalia rangi yake, wala si wingi wake. Nyama ikikatwa mara tu inapotoka motoni humwaga maji mengi, iwe imeiva au haijaiva. Wingi huo unaonyesha tu kwamba haikupumzishwa.

La nne ni wakati. Picha ipigwe mara tu nyama inapokatwa. Nyama ambayo haijaiva sana, ikikaa dakika kadhaa kwenye hewa baada ya kukatwa, huzidi kuwa nyekundu. Ukiletewa picha ya nyama iliyokatwa kitambo, huwezi kulinganisha vizuri.

Mdogo mtu akafanya alivyoambiwa. Picha ya pili ilikuwa tofauti kabisa. Kando kando palikuwa na ukanda wa kahawia wa upana wa vidole viwili, kisha mstari wa waridi, na katikati duara jekundu lililokolea, la ukubwa wa yai, linang'aa kwa unyevu. Juu ya sahani nyeupe maji yalikuwa mekundu. Hapo hapakuhitajika mjadala. Nyama ilikuwa bado, na sababu ilikuwa wazi: iliingia ovenini ikiwa na barafu katikati. Saa mbili mezani hazikutosha. Kipande kikubwa namna hiyo huhitaji kuyeyuka ndani ya friji siku nzima au zaidi.

Mama akampigia simu. "Usiirudishe nzima nzima. Ikate vipande vyembamba kama kidole, utie kwenye sufuria na nyanya na maji, ichemke vizuri dakika kumi na tano. Na hicho kisu na kibao uvioshe kwa sabuni na maji moto kabla ya kukata mboga." Njia hii ni nzuri kwa nyumba isiyo na kipimajoto cha nyama, kwa sababu kipande chembamba kinachochemka ndani ya mchuzi hakina katikati ya kujificha.

Ukiwa na kipimajoto, chomeka ncha yake katikati ya sehemu nene. Kipande kizima cha nyama kinatakiwa kufika nyuzi 63, kisha kipumzike dakika tatu kabla ya kukatwa. Nyama ya kusaga ifike nyuzi 71. Lakini ukimlisha mtoto mdogo, mama mjamzito, mzee au mtu mgonjwa, ifikishe nyuzi 71 hata kama ni kipande kizima.

Kwa nini tunatofautisha kipande kizima na nyama ya kusaga? Kwa sababu bakteria wengi hukaa juu ya nyama, na moto wa nje huwaua. Nyama ikisagwa, ikidungwa kwa uma au ikikunjwa na kufungwa, walio juu huingia ndani. Hata hivyo, kipande kizima nacho si salama kikiwa kibichi. Tegu wa ng'ombe hukaa ndani kabisa ya misuli kama vifuko vidogo vyeupe, na mtu humpata kwa kula nyama ambayo haikuiva. Ndiyo maana tunasema nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi, na bado uipike vizuri.

Mtoto mdogo ndiye aliye hatarini zaidi. Kuna bakteria anayeitwa E. koli O157, ambaye huishi katika utumbo wa ng'ombe. Kwa mtu mzima anaweza kuleta tumbo la kuhara tu. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano anaweza kuharibu figo. Dalili huanza mara nyingi siku tatu au nne baada ya kula, wakati nyama imeshasahaulika. Mtoto akihara damu, akipauka, au akipunguza kukojoa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usimnunulie dawa za kufunga tumbo wala antibiotiki dukani, kwa maana zinaweza kuzidisha ubaya. Mweleze daktari kwamba alikula nyama, na ilipikwa vipi.

Basi mama, mlezi, simu ikilia tena na picha ya nyama, uliza maswali manne kabla ya kujibu. Umekata wapi? Sahani nyeupe inaonekana nyeupe? Maji yake yana rangi gani? Umeikata sasa hivi au kitambo? Ukiona wekundu, irudi motoni. Ukiona kahawia tupu, uliza la tano: kipimajoto kimesema nyuzi ngapi? Kama hakuna kipimajoto, na atakayekula ni mtoto, nyama ikatwe vipande vyembamba ikachemke.

Mwambie na jirani.