Ofa Yenye Masharti: Soma Hadi Jina la Somo

Msikilizaji, kama mwanao ameomba chuo Uingereza kupitia UCAS, ichukueni ile barua ya ofa muisome pamoja, polepole. Tuseme imeandikwa AAB, na A iwe ya Kemia. Matokeo ya Agosti yanatoka: Biolojia A, Hisabati A, Kemia B. Kwa jumla ni AAB kamili, lakini sharti halijatimia. Hapa ndipo wengi wanapoumia, maana walihesabu alama wakasahau somo.

Hata hivyo, asikate tamaa mapema. Chuo kinaweza kumpokea hivyo hivyo nafasi zikiwapo, au kumpa kozi nyingine, ambayo ana haki ya kuikataa. Apige simu kitengo cha udahili mwenyewe, namba yake ya UCAS ikiwa mkononi. Mzazi hataelezwa kitu asipoandikishwa kuwa mwakilishi.

Chuo cha kwanza kikimkataa, ofa ya akiba ndiyo inayoshika, mradi masharti yake yametimia. Kwa hiyo akiba ichaguliwe yenye alama za chini zaidi. Nayo ikishindikana, anaingia Clearing, kutafuta kozi zenye nafasi.