Jiko Lisilo na Meza: Hesabu ya Sahani Moja

(Maelezo ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa wakazi wa Kata ya Ndanda)



Wapo miongoni mwenu wanaotaka kupika nyumbani na kupeleka chakula kwa wateja, hasa watumishi wa Hospitali ya Ndanda na wenye maduka ya barabarani, pasipo kufungua mgahawa. Jiko la namna hiyo huokoa kodi ya ukumbi na gharama ya viti. Hata hivyo, linazaa gharama nyingine, nayo ni safari.

Tuchukue bei za mfano. Sahani ya wali na maharage inauzwa shilingi 3,000. Vyakula vimegharimu 1,500, mkaa na maji 200, na chombo cha kutupa 300. Inabaki 1,000. Bodaboda akidai 1,000 kwa kupeleka sahani hiyo peke yake, mpishi amefanya kazi bure. Akibeba sahani kumi kwa safari ileile, zinabaki 9,000 za kulipia nguvukazi na faida. Kwa hiyo pokeeni oda mwisho saa nne asubuhi, kisha mpeleke mara moja, saa sita na nusu.

Orodha fupi ya vyakula inasaidia mpango huo. Maharage yaleyale huliwa kwa wali au kwa ugali, hivyo sufuria moja inahudumia oda mbili na mabaki hupungua. Chipsi ziacheni: zikifunikwa zikiwa moto, mvuke hugeuka maji na kuzilainisha kabla hazijafika. Mchuzi nao uwekwe katika chombo chake, wali usilowe. Chakula kifungwe kikiwa cha moto kabisa, na kisikae zaidi ya saa mbili baada ya kuanza kupoa, kwa kuwa vijidudu huongezeka upesi katika uvuguvugu.

Kuhusu vifungashio, mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Tumieni kikapu au kreti yenye mfuniko. Kwa wateja wa kila siku, chombo cha kurudishwa ni nafuu. Kikinunuliwa kwa 3,000, baada ya safari kumi kimekwisha kufidia vyombo vya kutupa, ukiacha gharama ya sabuni. Lakini mnahitaji seti mbili, kwani moja huwa kwa wateja, na amana ya kila chombo. Vihesabiwe kila jioni: vikipungua kwa wiki mbili mfululizo, faida inapotelea huko.

Mwisho, kukosa meza hakumwondolei mtu wajibu wa leseni ya biashara wala upimaji wa afya wa wapishi. Kabla ya kununua sufuria kubwa, hesabuni kwanza ni wateja wangapi wanakaa katika njia moja. Wakiwa watatu tu, anzeni kwa kupeleka kwa miguu.