Hotuba juu ya Kuuza Mayai Majumbani Bila Dalali



Halmashauri imetutaka tuseme machache juu ya jambo ambalo wengi wetu tumelinung'unikia: dalali huja nyumbani kwetu akachukua mayai kwa bei aipendayo yeye, kisha tukienda mjini twayakuta yale yale yakiuzwa kwa bei nyingine kabisa. Wengine wamekwisha amua kumwacha na kupeleka mayai wenyewe kwa watu wa mitaani. Basi twapenda kwanza tufanye hesabu.

Tumchukue mwenzetu mmoja wa upande wa Kiambu mwenye kuku 100 wa mayai. Kundi zuri lenye kulishwa vema humpa mayai kama 75 kwa siku, yaani trei 17 na nusu kwa juma. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo hizi ni za mfano tu: tuseme dalali hutoa shilingi 300 kwa trei, na mama mwenye nyumba mjini Nairobi yu tayari kutoa 390. Mwenzetu akipata nyumba 15, kila moja trei moja kwa juma, ziada yake ni shilingi 1,350.

Lakini ziada hiyo bado si yake yote. Nauli na mzigo vitakula 200. Mayai 9 yakivunjika njiani, hiyo ni shilingi 117. Zimebaki 1,033, na humo hatujahesabu siku nzima ya mtu anayepeleka. Sasa nyumba mbili zikisema, "Tutakulipa mwisho wa mwezi," kisha wakahama bila kulipa, zimetoka 780. Zilizobaki ni 253! Hapo ndipo tulipoona ya kuwa adui mkubwa wa biashara hii si dalali bali ni deni. Huyo dalali tunayemlaumu hulipa papo hapo, na gharama zote hizo hujitwika yeye.

Kwa hiyo yafaa mtu aanze na nyumba zilizo karibu karibu, katika mtaa mmoja, apeleke siku ile ile kila juma, naye apokee fedha kabla ya kuondoka mlangoni, taslimu au kwa M-Pesa. Anayeomba akopeshwe na apewe mayai machache ayawezayo kulipa. Si vibaya, hata mayai 10 ni mauzo.

Jambo la pili ni yai lenyewe. Dukani mnunuzi akipata yai bovu hajui la nani, lakini mlangoni anajua. Ganda la yai lina vitundu vidogo sana. Kadiri siku zipitavyo maji hutoka humo na hewa huingia, ikakusanyika upande ule butu. Ndiyo sababu yai jipya likitiwa majini hulala chini, la siku nyingi husimama, na lililozeeka sana huelea. Tuliwahi kuona mwenzetu akiyaosha mayai yote ili yapendeze. Alikosea. Maji huondoa utando unaoziba vile vitundu, na uchafu hupata njia ya kuingia. Dawa ni kiota chenye majani makavu, na kuokota mara tatu kwa siku. Lenye uchafu kidogo lipanguswe kwa kitambaa kikavu. Lililochafuka sana liliwe nyumbani upesi, likiwa limepikwa likaiva. Tena andika tarehe kwa penseli juu ya ganda. Akina mama wa mjini hupenda mno alama hiyo, kuliko tulivyodhania.

La mwisho ni mwezi wa Desemba. Watu wa Nairobi hufunga nyumba wakaenda makwao kwa Krismasi, na kuku hawajui sikukuu. Mwenzetu tuliyemtaja alikuwa amekwisha gombana na dalali wake, akamwambia asikanyage tena boma lake. Nyumba 15 zikabaki 6. Kila juma trei 9 zikarundikana chumbani, naye alipompelekea salamu yule dalali, alijibiwa kwamba amekwisha pata mayai kwingine. Mwishowe aliyauza kwa hasara kwa wenye vibanda vya chai, na mengine yaliharibika.

Siku hizi humpa dalali mwingine zile trei mbili na nusu zinazosalia kila juma, pamoja na mayai madogo ya kuku wachanga, ambayo akina mama huyakataa. Bei yake ni ndogo, naam. Lakini Novemba inapokwisha humwendea mapema, akamwambia ni trei ngapi zitaongezeka, na huyo dalali huja na gari lake kuzichukua.